Kijeba au si kijeba? Kamati inataka niamue umri wa mchezaji kwa kuangalia picha

Katibu wa Ndondo
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa ligi ya watoto chini ya miaka 15 kwenye kata yetu hapa Mwanza. Juzi timu moja imekata rufaa, inasema namba 9 wa wapinzani wao ni kijeba, ana miaka 17 au zaidi. Ushahidi wao ni picha moja ya WhatsApp. Dogo kasimama uwanjani, uso umekomaa, taya pana, na juu ya mdomo kuna weusi kama masharubu. Cheti cha kuzaliwa hana, wazazi wanasema hakikuwahi kukatwa. Mwenyekiti kaniambia, "Wewe ni mwalimu, unaishi na watoto, angalia sura utuambie."

Nimeikodolea macho siku mbili. Asubuhi namuona ana 14, usiku namuona ana 18. Kuna mwenye utaalamu wa kusoma umri usoni? Siweki picha hapa kwa sababu ni mtoto wa watu.

Beki wa Zamani
Mkuu hilo jambo jepesi. Nimefundisha vijana miaka 12, kijeba namjua kwa kumtazama tu. Angalia mambo matatu: masharubu, mistari ya paji la uso, na mashavu. Mtoto ana mashavu ya kujaa, mtu mzima yameshaingia ndani. Sijawahi kukosea.

Mzee wa Studio
Beki, umejuaje kwamba hujawahi kukosea? Hao uliowafukuza kuna aliyerudi na cheti ukakisoma?

Katibu, mimi napiga picha za pasipoti tangu enzi za filamu. Kabla hujamsoma dogo, isome picha kwanza. Ilipigwa saa ngapi, na mpiga picha alikuwa amesimama wapi?

Katibu wa Ndondo
Mapumziko ya mechi ya saa sita mchana. Nimemuuliza aliyepiga, anasema alikuwa amechuchumaa mstari wa pembeni na dogo alisogea karibu yake.

Mzee wa Studio
Basi hapo umeshapigwa mara tatu.

La kwanza ni jua. Mwanza saa sita jua liko utosini. Nyusi zinatupa kivuli machoni, macho yanaonekana yamezama. Mifupa ya mashavu inatupa kivuli chini yake, mashavu yanaonekana yameingia ndani, ndiyo hayo anayosema Beki. Na pua inatupa kivuli chake juu ya mdomo. Kwenye picha ya simu iliyobanwa na WhatsApp kile kivuli kinageuka masharubu. Nimewahi kuletewa picha ya namna hiyo nisafishe, mama mtu analalamika binti yake kaota ndevu!

La pili ni kuchuchumaa. Kamera ikiwa chini, taya na kidevu ndivyo viko karibu na lenzi, vinakuwa vikubwa, paji la uso linakimbilia nyuma na macho yanakuwa madogo. Sasa fikiria sisi tunamtambuaje mtoto: paji kubwa, macho makubwa, kidevu kidogo. Kamera ya chini inaviondoa vyote vitatu. Ukimpiga dogo huyohuyo kutoka juu, unamrudisha darasa la nne.

La tatu ni ukaribu. Simu ikiwa nusu mita kutoka usoni, pua inavimba na uso unarefuka. Rudi nyuma mita mbili, sura inatulia. Ndiyo maana studio sikuruhusu usogelee kamera, hata ukinuna.

Mpige upya. Kivulini, uso uelekee mahali penye mwanga, kamera usawa wa macho yake, mita mbili, asicheke wala asikunje uso. Halafu weka picha mbili pamoja.

Binti Kahama
Jamani na mimi nina tatizo hilohilo. Nina miaka 29 lakini kwenye picha naonekana 40, hasa chini ya macho. Nitumie krimu gani?

Mzee wa Studio
Dada, usinunue kitu. Acha kujipiga picha chini ya taa ya darini. Kaa uso ukielekea dirishani upige tena. Tuendelee na mpira.

Beki wa Zamani
Sawa, kivuli nakubali. Lakini mistari ya paji haidanganyi. Ngozi ni ngozi.

Nesi wa Kliniki
Kaka, ngozi inahesabu jua kuliko inavyohesabu miaka. Kuna dereva wa lori la mizigo Marekani, alikuwa na miaka 69, madaktari walichapisha picha yake mwaka 2012 kwenye jarida kubwa la tiba. Aliendesha miaka 28, na kwao dirisha la dereva liko kushoto. Shavu la kushoto limekunjamana na kuning'inia, la kulia bado lina nafuu. Uso mmoja, mtu mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa. Ukimpiga picha ya upande utakadiria watu wawili. Na weusi wetu unazuia sehemu kubwa ya hilo, kwa hiyo mtu aliyezoea sura za Wazungu akija huku atatupunguzia miaka wengi wetu. Tena dogo anayeshinda juani akikunja macho anaweza kuwa na mistari kabla ya ndevu.

Lakini kwa umri huu mistari si tatizo kubwa. Tatizo ni balehe. Wavulana wanaanza kubalehe popote kati ya miaka 9 na 14, na wote hao ni wazima. Chukua wawili waliozaliwa wiki moja, mmoja kaanza na miaka 10, mwingine na 13 na nusu. Wakifika 14, wa kwanza ana taya, pua imekua, kuna ndevu changa juu ya mdomo. Wa pili bado ni mtoto kabisa. Kwa hiyo hata kama yale masharubu si kivuli, yanakuambia tu kwamba mwili wake umefika hatua fulani. Mwaka aliozaliwa hayakuambii.

Kaka wa Tabora
Hili naliishi. Mdogo wangu wa kike ana selimundu, mwaka huu katimiza 22. Benki walimkatalia kufungua akaunti mpaka akamlete mzazi, na kitambulisho cha taifa ameshika mkononi! Yule karani aliangalia kitambulisho, akamwangalia usoni, akaamini uso.

Nesi wa Kliniki
Pole. Selimundu inachelewesha balehe, na utapiamlo wa muda mrefu hivyohivyo. Kwa hiyo Katibu, ujue na upande wa pili: kijeba wa kweli mwenye 17 anaweza kuwa amekaa kwenye orodha yako sasa hivi, sura ya mtoto, na hakuna aliyemkatia rufaa.

Winga Teleza
Si mumpime tu? FIFA wana kile kipimo cha kifundo cha mkono.

Nesi wa Kliniki
MRI. Walianza kuitumia Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009 kule Nigeria. Inaangalia kama mfupa wa mkono pale kwenye kifundo umeshaunga kabisa. Ukishaunga, ni nadra sana mtu kuwa chini ya 17. Lakini usipounga haimaanishi ni mdogo, kuna wa 18 na 19 ambao bado. Na kwa mpaka wa miaka 15 haikusaidii, mwenye 14 na mwenye 16 wote kwa kawaida hawajaunga. Achilia mbali bei.

Beki wa Zamani
Meno je? Babu zetu walihesabu meno.

Nesi wa Kliniki
Gego la pili linatoka karibu na miaka 12, la mwisho kwa wengi ni kuanzia 17, na wengine halitoki maisha yote. Katikati hapo, ambapo ndipo ugomvi wenu ulipo, mdomo uko kimya.

Mzee wa Studio
Katibu, fanya jaribio kabla ya kikao. Chukua picha za wanafunzi ambao tarehe zao unazo kwenye rejista, usitaje majina, kila mjumbe akadirie kwenye karatasi yake bila kuongea. Na uzichanganye. Ukitoka kutazama sura ya kitoto, anayefuata unampa miaka tofauti na ungemuona peke yake. Na asijue nani kalalamikiwa. Mtu akishaambiwa "huyu kijeba", macho yanatafuta ndevu.

Katibu wa Ndondo
Wakuu, nimerudi. Jana tumefanya. Picha nane, wajumbe watatu. Kwa wale wa miaka 9 na 10 tulikaribiana. Balaa lilianza juu ya 12. Kijana mmoja wa darasa la saba, ana 13, alipewa 12, 16 na 17. Aliyempa 17 ndiye mwenyekiti, na alikuwa na uhakika kuliko wote. Nilipomsomea tarehe akasema rejista imekosewa.

Namba 9 nimempiga upya chini ya mwembe kama alivyoelekeza Mzee. Masharubu yamepungua nusu: kuna ndevu changa kidogo kwenye pembe za mdomo, zilizobaki zilikuwa kivuli. Taya imerudi ya kawaida. Sasa naona 15. Lakini sijui kama naona 15 kwa sababu ni 15 au kwa sababu nataka yaishe.

Bibi yake katuma kadi ya kliniki kutoka Ukerewe. Sehemu ya tarehe ya kuzaliwa imeingia maji, haisomeki. Ila chanjo ya surua inasomeka: 14 Machi 2012, uzito kilo 8.4. Mpaka wetu ni waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2011.

Nesi wa Kliniki
Hiyo ni bora kuliko picha mia. Surua inachomwa miezi 9. Kama aliwahishwa, kazaliwa karibu na Juni 2011 na yuko ndani. Kama walichelewa kumpeleka, anaweza kuwa wa mapema 2011 au hata mwisho wa 2010, na hapo mpaka wenu unaingia utata. Lakini 17 haiwezekani kwa kadi hiyo. Mwenye miaka 17 leo, mwezi huo wa Machi 2012 angekuwa anakimbia na kuku, hawi kilo nane na nusu. Angalia na mstari wa uzito kwenye grafu, miezi imehesabiwa pale chini, nukta ya hizo kilo 8.4 iko mwezi gani?

Beki wa Zamani
Na mkihakikisha kadi ni yake? Ukerewe kadi ya mdogo mtu inatumika kwa kaka, nimeyaona.

Katibu wa Ndondo
Ndiyo walichosema wakata rufaa leo asubuhi. Ana mdogo wake kweli, wa kiume. Nimeomba kadi ya huyo mdogo nayo ije. Boti ya kesho.