Sera mpya ya laptopu, WhatsApp na Drive: tumefungiwa kila mlango, halafu kazi itoke jioni hiyo hiyo

Kamba_ya_Saiti (mleta mada)

Wakuu, nimekasirika na sitaficha. Kampuni moja ya ujenzi imegawa sera ya matumizi ya vifaa, wote tusaini, waajiriwa na watu wa mkataba. Laptopu ya kampuni ni ya kazi tu. Taarifa ya kazi isipite WhatsApp. Faili lisikae kwenye Drive ya mtu binafsi. Ukikiuka, mkataba unavunjwa.

Makatazo yenyewe siyapingi. Ninachopinga ni kumsainisha mtu wa mkataba ambaye hajawahi kupewa hata barua pepe ya kampuni.

Angalieni kazi ya siku moja. Mpimaji yuko saiti Kibaha, ana picha 40 za nondo na msingi, kila moja kama MB 4. Hiyo ni MB 160. Gmail mwisho wake ni MB 25, na ukizidisha, yenyewe inazipandisha kwenye Drive ya mwenye akaunti na kutuma linki. Kwa hiyo mpimaji ameshavunja sera kwa kubonyeza kitufe cha kutuma tu. Folda ya kampuni hana ruhusa nayo. Msimamizi anataka ripoti kabla ya saa kumi. Mpimaji anaweka `Anyone with the link`, anabandika kwenye grupu la WhatsApp, na msimamizi aliyetia saini sera ile ile anajibu "pokea, asante".

Kesho yake inapita njia hiyo hiyo orodha ya malipo ya vibarua: majina, namba za NIDA, namba za simu za kupokelea pesa. Ikivuja, anayefukuzwa ni nani? Mpimaji! Msimamizi yupo, aliyeandika sera yupo.

Fundi_Seva

Mleta mada, umegusa penyewe, ila kuna baya zaidi hujalisema: faili ni mali ya nani. Lililoanzishwa kwenye Gmail ya mtu binafsi huwezi kulihamishia umiliki kwenye akaunti ya kampuni, Google hairuhusu. Kampuni inachoweza ni kutengeneza nakala, na nakala haiji na historia ya mabadiliko. Mkataba ukiisha kwa ugomvi, jamaa akafuta, faili linakaa kwenye takataka siku 30 halafu basi. Hapo ndipo utasikia ofisi nzima inauliza vipimo vya mwezi wa tatu viko wapi.

Na hiyo `Anyone with the link` haimtaki mtu aingie na akaunti. Fungua faili la namna hiyo likiwa linasomwa na wengi, utaona juu kulia vijiduara vya wanyama, `Anonymous` fulani. Ni watu hao, lakini huwajui, na hata msimamizi wa mfumo hatapata majina yao. Linki ikishasambazwa kwenye grupu la pili, dawa ni moja: fungua `Share`, sehemu ya `General access` rudisha `Restricted`, halafu ongeza barua pepe za wanaohusika mmoja mmoja. Linki ya zamani itabaki kwenye simu za watu lakini haitafungua. Aliyekwisha pakua, huyo humpati tena.

Mtaa_wa_Kongo

Mnakuza mambo. WhatsApp imefungwa kwa siri mwanzo hadi mwisho, hata wenye kampuni yake hawasomi. Ni salama kuliko barua pepe za ofisi nyingi. Hiyo sera imeandikwa na watu waoga.

Fundi_Seva

Mkuu, hilo la usiri ni kweli, ila linahusu njiani tu. Faili likishatua, liko wazi kwenye simu ya aliyepokea. Picha zinajihifadhi zenyewe kwenye galari, na kama simu inapandisha picha kwenda Google Photos, ile karatasi ya malipo uliyoipiga picha imeshafika huko bila mtu kukusudia. Na ukimtoa mtu kwenye grupu, alichokipokea jana kinabaki kwake. Usiri wa njiani hauwezi kumnyang'anya.

MamaTwins_Tegeta

Samahani kaka zangu, mimi swali langu ni jingine. Nina WhatsApp Web kwenye laptopu ya ofisi. Bosi anaweza kusoma ninavyochati na mume wangu?

Fundi_Seva

Dada, kupitia Wi-Fi ya ofisi hawezi; ataona tu kwamba umeunganishwa na WhatsApp. Lakini laptopu ni yake. Ikiwa imewekwa programu ya kufuatilia inayopiga picha za skrini, kila kilichofunguka pale kinaonekana. Sera ikisema "kampuni inaweza kufuatilia kifaa", maana yake ndiyo hiyo.

Kubwa zaidi ni siku ya kurudisha laptopu. WhatsApp Web inajitoa yenyewe kama simu yako haijatumika siku 14. Wewe unaitumia kila siku, kwa hiyo atakayepewa mashine hiyo bila kusafishwa anaweza kufungua kivinjari na kukuta chati zako. Ingia kwenye simu, `Linked devices`, gusa jina la kompyuta hiyo, `Log out`. Na kama uliingia Chrome kwa Gmail yako, angalia nywila ulizohifadhi humo.

Afisa_Utumishi

Niseme kwa upande wa pili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika 1 Mei 2023, na kampuni inatakiwa kujisajili kwenye Tume. Tukikutwa na namba za NIDA za vibarua kwenye grupu la WhatsApp, tunajibu nini? Saini ndiyo inayoonyesha tuliwaelekeza.

Kamba_ya_Saiti

Afisa, saini yangu haizuii namba ya NIDA kutoka! Na anayekusanya taarifa za vibarua ni kampuni, siyo mpimaji. Mwelekezeni kwa kumpa pa kuziweka.

Fundi_Seva

Na kumpa siyo kazi kubwa. Tengenezeni hifadhi ya pamoja ya mradi, ile `Shared drives`. Humo faili ni mali ya kampuni hata likiwekwa na nani. Muingizeni mpimaji kwa cheo cha `Contributor`: anaweka na kuhariri, hafuti wala hahamishi. Mkataba ukiisha unaondoa jina moja na kila kitu kinabaki. Orodha ya malipo isikae humo. Iwe folda yake, watu watatu basi. Msimamizi wa mfumo lazima kwanza aruhusu watu wa nje ya kampuni kuingia. Ofisi nyingi wamezima hilo, halafu wanashangaa Drive binafsi zinatoka wapi.

Mtaa_wa_Kongo

Hapo kidogo nimekuelewa. Lakini bando? Hizo MB 160 kila siku analipa nani? WhatsApp inabana picha, ndiyo maana watu wanaipenda.

Afisa_Utumishi

Bando halimo kwenye bajeti ya mradi huu. Tunafikiria kuweka programu ya kampuni kwenye simu za watu ili tuzisimamie.

Kamba_ya_Saiti

Kwenye simu niliyonunua mwenyewe? Siku mkiifuta, na picha za wanangu zinakwenda?

Fundi_Seva

Inategemea wanaisajilije. Android ikiwekwa `Work profile`, kampuni inaona na kufuta upande wa kazi peke yake. App za kazi zina alama ya kibegi. Ikisajiliwa nzima nzima, wanaweza kuifuta yote. Kabla ya kusaini, dai sera iandike ni ipi kati ya hizo mbili. Kama haijaandikwa, usikubali iwekwe.

Kamba_ya_Saiti

Nimeipitia tena sasa hivi. Haijaandikwa. Afisa, tunasubiri jibu la hilo na la bando, na hatusaini mpaka lije.