Nimeuziwa kebo kwa picha: vichwa vinaingia kote kuwili, monita haionyeshi kitu

Mleta uzi: Wanajukwaa, naandika haya nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mtanivumilia. Niko Morogoro. Laptopu yangu ina tundu la HDMI, na monita niliyonunua ikiwa imeshatumika ofisini ina VGA na DisplayPort pekee. Niliyapiga picha matundu yote mawili kwa karibu, nikamtumia muuzaji mmoja wa Kariakoo, nikamweleza waziwazi kwamba laptopu ndiyo inayotoa picha na monita ndiyo inayopokea. Akanitumia picha ya kebo iliyopigwa kwa juu, vichwa vikiwa bado vimevalishwa vifuniko vya plastiki, akasema ndiyo yenyewe. Nililipa shilingi 18,000, na gharama ya kuituma kwa basi ikawa juu yangu.

Kebo iliingia kote kuwili bila kulazimishwa, lakini monita iliandika No Signal kisha ikazimika. Muuzaji anadai kwamba kebo ikishaingia ni sahihi, na kwamba tatizo ni monita yangu chakavu, ilhali monita hiyohiyo inaonyesha vizuri kwa VGA kwenye kompyuta ya jirani! Nimeambatisha picha za vichwa, safari hii midomo ikiitazama kamera. Nimeuziwa nini?

Mzee wa Kebo: Ndugu, umeuziwa HDMI kwa HDMI. Kichwa cha DisplayPort kina kitufe cha kubonya na vindoano viwili vinavyojitokeza, na hicho chako cha pili hakina.

Fundi Mabibo: Mzee wangu, vindoano vikiwapo vinasaidia kukitambua kichwa, lakini visipokuwapo havithibitishi lolote, kwani kebo nyingi za DisplayPort hutengenezwa bila hivyo. Tazama pembe. Kichwa cha kushoto kimebinywa upande wa chini kulia na kushoto, kwa hiyo ukikigawa katikati nusu zake zinalingana: hiyo ni HDMI. Cha kulia kimekatwa pembe moja tu, na tatu zilizobaki ni za mraba: hiyo ni DisplayPort. Ndiyo maana picha iliyopigwa kwa juu haina faida, maana kwa juu vyote viwili ni vibapa vya chuma vinavyofanana.

Kwa hiyo vichwa ni sahihi, ila mwelekeo ndio uliokosewa. Kompyuta nyingi zenye DisplayPort zinaweza kutoa mawimbi ya aina ya HDMI kupitia tundu hilohilo, na kebo ya bei ndogo yenye vichwa hivi viwili huyarekebisha kidogo tu kabla hayajafika kwenye runinga. Laptopu yenye HDMI haiwezi kutoa mawimbi ya DisplayPort, kwa hiyo ili ifanye kazi kwa monita yako lazima pawe na saketi ya kuyageuza kabisa, nayo inahitaji umeme. Kebo za namna hiyo mara nyingi huwa na mkia mfupi wa USB unaochomoza karibu na kichwa cha HDMI. Katika picha zako sioni mkia. Unene wa kichwa usikudanganye, kwa sababu hata hizi za upande mmoja zina saketi ndogo ndani.

Bi Shani: Mimi yangu ni ya VGA, ile ya buluu yenye skrubu mbili. Nimehesabu pini nikakuta 14 badala ya 15, na skrini imekuwa na rangi ya manjano. Je, na mimi nimetapeliwa?

Fundi Mabibo: Dada, ikiwa pengo liko safu ya katikati, hiyo ni pini ya 9, ambayo mara nyingi huachwa makusudi. Manjano maana yake rangi ya buluu haifiki. Kagua pini ya 3 katika safu ya juu, huenda imepinda. Lakini hilo lifungulie uzi wake.

Mleta uzi: Leo nimeipeleka kebo ofisini kwa rafiki yangu. Tumechomeka DisplayPort kwenye kompyuta yake na HDMI kwenye runinga, na picha ikaja papo hapo. Kwa hiyo kebo ni nzima, na monita yangu imesingiziwa. Nimemtumia muuzaji picha ya jaribio hilo pamoja na ujumbe wangu wa kwanza uliotaja nani anatoa na nani anapokea. Amejibu kwamba harudishi fedha kwa kebo isiyo na hitilafu.

Mzee wa Kebo: Kuhusu pembe nimekubali. Lakini hata muuzaji ana hoja: kebo haina hitilafu.

Mleta uzi: Mzee, sikumwomba kebo nzima. Nilimwomba kebo ya kutoka HDMI kwenda DisplayPort. Sasa ananitumia picha ya nyingine, shilingi 35,000, na ameipiga tena kwa juu. Nimemwambia aivue vifuniko, aielekeze midomo kwenye kamera, na anionyeshe mkia wa USB. Mpaka sasa yuko kimya.