Nimetumiwa picha ya shamba kutoka juu, naulizwa "Unaona nini?" Nisaidieni

Mkaazi wa Likoni
Salaam wanajamvi. Kuna mtu amenitumia kwa Wasapu picha ya shamba la upande wa Matuga, imepigwa na droni, chini ameandika: "Unaona nini?" Mimi naona kijani kitupu, safu za minazi, ua wa minyaa na gari jeupe pembeni. Yeye asema ni ekari 5 za mahindi. Picha yatosha kuaminika? Siku mbili sipati usingizi. Nimeiweka hapa muitazame.

Baba wa Kisauni
Kijani kilichokolea hivyo ni rutuba, kijana. Na ua ndio mpaka, wazee wetu hawakuwa na kingine. Chukua.

Mama Zai
Mwanangu, picha ya shamba la watu watumiwa ya nini? Umetoa pesa?
Mimi nilinunua kwangu Kilifi, mwezi wa pili akaja mzee na kamba anaangua nazi. Kumbe ardhi niliuziwa, minazi kumi na moja ilikuwa yake tangu kwa babake. Huku kwetu mti na ardhi huwa na wenyewe tofauti. Picha ya juu haikuonyeshi mnazi ni wa nani.

Mkaazi wa Likoni
Mama, sikutaka kulisema. Nimetoa arbuni 300,000 kwa dalali. Lakini ni mtu wa heshima, tunaswali msikiti mmoja, na bei ile sitaipata tena.

Fundi Droni
Nimeipima. Tukichukua kwamba gari ni matatu ya Haisi, urefu wake ni kama mita 4.7. Linaingia mara 28 upande mrefu na mara 20 upande mfupi, yaani mita 132 kwa 94. Hizo ni ekari 3 na kidogo, si 5. Hata nikikosea kipimo cha gari kwa sehemu moja ya kumi, hazifiki 4.

Ila simwiti dalali mwongo bado. Tazama safu za minazi: zinaelekea kukutana kule juu. Kamera iliinamishwa, haikutazama chini wima, kwa hivyo upande wa mbali umesinyaa na rula yangu haina nguvu huko. Hesabu minazi ya safu ya karibu na ya mbali. Ikiwa idadi ni moja, basi pande hizo huenda ni sawa, kama aliyepanda alipima nafasi.

Mahindi siyathibitishi. Kabla mahindi hayajatoa mbelewele na mtama haujatoa masuke, kutoka juu siwezi kuapa ni kipi. Magugu nayo ni kijani, Baba wa Kisauni, na masika hata changarawe huota.

Ua pia ni makubaliano ya majirani tu. Bikoni hazionekani juu ya majani, na ramani ya msajili yenyewe kwa mashamba mengi huonyesha mpaka wa kukadiria. Sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 yasema hivyo. Mpeleke mpima.

Mjukuu wa Changamwe
Mimi uzi huu siuamini. Ua ule waonekana kama uzi mweusi tu. Mwenzetu ajuaje ni minyaa? Huyu ndiye dalali, anatangaza shamba lake.

Mkaazi wa Likoni
Wallahi si mimi. Nilifika, mara moja, magharibi, giza linaingia. Nikakata tawi la ua likatoa utomvu mweupe. Na gari lile ndilo matatu tuliyokwenda nayo. Sikusema kwa sababu mngeniuliza mbona sikukagua.

Fundi Droni
Mlikwenda lini?

Mkaazi wa Likoni
Februari, mwishoni.

Fundi Droni
Kaskazi ile, mahindi mabichi kiasi hiki bila mfereji wala bomba? Sioni maji popote. Ardhi uliyoikanyaga ilikuwaje?

Mkaazi wa Likoni
Kavu. Mabua yalinikwaruza miguu.

Fundi Droni
Basi picha haikupigwa siku ile, na gari si lenu. Hapo kipimo changu kimeanguka nacho. Kama ni basi dogo la mita 7, shamba lile lile lakaribia ekari 7. Au ni shamba jingine kabisa.
Mwambie akutumie picha kama dokumenti, si kama picha. Wasapu ikituma picha huifuta tarehe na mahali ilipopigwa, ikituma dokumenti huviacha kama vilikuwamo.

Baba wa Kisauni
Lakini minyaa ameiona kwa macho yake.

Mama Zai
Minyaa imejaa Matuga nzima, baba.

Mkaazi wa Likoni
Nimemwomba dokumenti. Ameisoma, hajajibu. Mpima nimempigia, ni Jumanne asubuhi.