Kuhamisha mzigo kati ya matawi: hatua moja, hatua mbili, au tawi lithibitishe kwanza?

Tawi_la_Tatu
Wadau, naomba mnisaidie kuamua. Tuna ghala moja na matawi matatu, na programu yetu ya stoki inaruhusu njia tatu. Ya kwanza, ukishaandika hati ya uhamisho, mzigo unatoka ghalani na kuingia tawini papo hapo. Ya pili, unatoka ghalani na kukaa "njiani" mpaka tawi lipokee. Ya tatu, hakuna kinachobadilika popote mpaka tawi lithibitishe.

Tunatumia ya kwanza. Juzi muuzaji wa tawi aliona balbu kwenye skrini, akapokea hela ya mteja, kumbe balbu bado ziko kwenye gari. Ya pili inanivutia ila naogopa kazi kuongezeka. Na mzigo ukifika pungufu, ninyi mnafanyaje?

Kaunta_Haraka
Mkuu, baki na ya kwanza. Pokea yote kama hati inavyosema, ukikuta pungufu unafanya marekebisho ya stoki palepale tawini, dakika mbili umemaliza. Tulijaribu hiyo ya njiani. Mzigo unafika asubuhi, mwenye ruhusa ya kupokea kwenye mfumo hayupo, bidhaa ziko mezani na wateja wanazitaka. Wauzaji wakaanza kuandika mauzo kwenye daftari. Ikawa balaa kuliko mwanzo.

Mzigo_wa_Leo
Kwangu pungufu haina shida. Napiga picha katoni, namtumia msambazaji, anapunguza kwenye ankara inayofuata. Hakikisha tu dereva wake amesaini.

Mama_Stoo
Mzigo_wa_Leo, hapo unazungumzia mali inayotoka kwa msambazaji. Huyu anajihamishia mali yake mwenyewe, hakuna ankara ya kupunguza. Zikipotea tatu, ni zake zimepotea.

Tawi_la_Tatu, nimekaa stoo miaka mingi, nenda na hatua mbili. Ile ya tatu inadanganya upande wa pili: mzigo uko barabarani lakini ghala bado linaonekana kuwa nao, kwa hiyo mtunza ghala anaahidi balbu zilezile kwa tawi lingine. Ukihesabu ghala siku hiyo unakuta pungufu isiyokuwepo.

Kaunta_Haraka yuko sahihi kuhusu kuchelewa. Dawa yake ni watu wawili kila tawi wawe na ruhusa ya kupokea. Ila kupokea yote halafu kurekebisha tawini sikubaliani nako, na nitaeleza kwa mfano wa balbu.

Ghala limeandika hati: balbu za wati 9, katoni 4 zenye 24 kila moja, yaani 96. Za wati 12, katoni 2, yaani 48. Jumla 144. Tawini mpokeaji anahesabu katoni, anapata 6, anasaini. Wiki mbili baadaye mfumo unasema wati 9 zipo nyingi, rafuni zimekwisha, na za wati 12 zimejaa. Kilichotokea ni kwamba mpakiaji alichukua katoni 3 na 3, kwa sababu maboksi yanafanana. Wati 9 zilifika 72 na wati 12 zilifika 72. Jumla ni ileile 144, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Ukifanya marekebisho tawini, unafuta balbu 24 za wati 9 kama hasara na kuongeza 24 za wati 12 zilizotoka hewani. Rafu ya tawi imekaa sawa. Ghala limebaki na kosa lilelile kwa upande wa pili, na hakuna hati inayounganisha makosa hayo mawili. Mtunza ghala akihesabu mwisho wa mwezi ataona wati 9 zimezidi 24 na hatajua kwa nini.

Ukitumia njiani, tawi linapokea kilichofika kweli, 72 na 72. Kwenye njiani zinabaki 24 za wati 9 na hasi 24 za wati 12, zikiwa na namba ya hati ileile. Hapo unapiga simu ghalani: hesabu rafu hizo mbili tu. Wakikuta wati 9 zimezidi 24, unarudisha 24 hizo kutoka njiani hadi ghalani, na unatoa 24 za wati 12 ghalani kwenda njiani. Njiani pamekuwa sifuri na hujafuta hasara hata senti.

Tawi_la_Tatu
Hiyo ya katoni 3 na 3 imenigusa, nadhani tumeshaipata bila kujua. Sasa zilizovunjika je? Nazo ziachwe njiani?

Mama_Stoo
Hapana. Zilizovunjika zimefika. Zipokee zote, kisha zihamishie eneo la mali mbovu la tawi ili zisiuzwe. Njiani pabaki kwa kitu kimoja tu, ambacho hakijulikani kilipo. Ukichanganya, utamdai dereva balbu ambazo vipande vyake viko kwenye pipa lako.

Na kila asubuhi angalia baki ya njiani kwa hati na kwa bidhaa. Ukitazama jumla peke yake, ile hasi 24 itakula ile 24 na utaona sifuri. Kijana wetu wa kompyuta alituandikia hivi, nyie mtabadilisha majina kulingana na mfumo wenu:

```sql
SELECT hati, bidhaa, SUM(idadi) AS baki
FROM mienendo
WHERE mahali = 'NJIANI'
GROUP BY hati, bidhaa
HAVING SUM(idadi) <> 0;
```

Safari yenu ikiwa ya siku moja, hati yoyote iliyomo humo siku ya tatu inadai mtu aamke na kuuliza.

Fundi_Mfumo
Nyongeza kwa wanaotumia Odoo na mzigo unapita eneo la njiani. Ukipokea pungufu, inakuuliza kama uunde `Backorder`, yaani hati ya kupokea baadaye zilizobaki. Wengi wanachagua kutounda wakidhani suala limefungwa. Hati inafungwa kweli, lakini zile pungufu zinabaki kama stoki ya eneo la njiani mpaka mtu azitoe kwa mkono. Ukiona njiani panakua mwezi baada ya mwezi, anzia hapo.

Lakiri
Kwetu upungufu ulikuwa kila wiki, tatu, nne, kila mara bidhaa ndogo zenye thamani. Tukaanza kufunga makasha kwa lakiri zenye namba, na namba inaandikwa kwenye hati kabla gari halijaondoka. Mpokeaji anasoma namba mbele ya dereva kabla ya kukata. Lakiri nzima na mzigo pungufu, tatizo ni ghalani. Lakiri imebadilishwa, tatizo ni njiani. Katika visa vyetu karibu vyote lakiri ilikuwa nzima. Tulikuwa tumemkata dereva mshahara miezi miwili bure, na tulimrudishia.

Kaunta_Haraka
Mama, mfano wa katoni umenishinda, nakubali. Ila swali: mpokeaji aone idadi kwenye hati au ahesabu bila kuiona? Wangu wakiiona wanaandika ileile bila kufungua katoni.

Mama_Stoo
Mimi nawaficha idadi, nawaonyesha majina ya bidhaa tu.

Lakiri
Sisi tulificha tukaacha. Mzigo wa aina 200 ulichukua nusu siku, na makosa ya kuhesabu yakazidi makosa ya kupakia. Sasa tunaficha idadi kwa bidhaa za bei kubwa tu.

Tawi_la_Tatu
Naanza hatua mbili na tawi moja, watu wawili wa kupokea. Bado sijajua hasara ambayo haikupatikana chanzo iandikwe kwa nani. Meneja wa ghala anasema tawi, tawi linasema ghala.

Fundi_Mfumo
Fungua akaunti yake ya hasara za njiani, isimguse yeyote kati yao.

Mama_Stoo
Hapo tunatofautiana. Isipomuuma mtu, hakuna atakayehesabu rafu ukimpigia simu. Kwetu inakaa kwa ghala mpaka ghala lionyeshe lakiri ilivunjwa.