[Jamii Ughaibuni] Miadi Salala Jumapili asubuhi, safari ya gari na funga

Kutoka: Baba Nasra, Maskati

Assalaam alaykum wanajamii.

Nimepigiwa simu na ofisi moja Salala. Mwajiri wangu mpya ameandikishwa huko, kwa hiyo lazima nifike mwenyewe na pasi, bataka na karatasi asili za familia. Miadi ni Jumapili tarehe 8 Machi, saa 3 asubuhi. Nimeomba tarehe ya baada ya Idi, nikajibiwa "tutaangalia", na mpaka leo kimya.

Tuko wanne: mimi, mke wangu, binti wa miaka sita na mama yangu mzazi, ambaye ana sukari na ndege hapandi kabisa. Dereva ni mimi peke yangu. Maswali yangu ni mawili. Kuna aliyewahi kusogezewa miadi na ofisi za namna hii, na alitumia njia gani? Na kama haisogezeki, nipangeje kilomita elfu moja hizi pamoja na daku na futari? Nilifikiri niondoke Jumamosi baada ya tarawehe nifike asubuhi.

Kutoka: Mama Rukia, Glasgow

Wa alaykum salaam. Pole kaka. Sisi huku mwaka ule Ramadhani ilipoangukia Juni tulifunga karibu saa kumi na tisa, na mume wangu akatuendesha hadi London tukiwa tumefunga. Tuliondoka usiku, barabara nyeupe, watoto wamelala. Usiku ndiyo dawa. Na usisahau NOC, barua ya ruhusa ya kuhama kazi kutoka kwa kafili wa zamani, bila hiyo watakurudisha.

Kutoka: Dereva wa Nizwa

Dada, NOC ilifutwa tangu Januari 2021. Tusimtishe mtu kwa karatasi ambayo haipo tena.

Na usiku siyo dawa. Mimi nimeendesha lori barabara hii miaka mingi, na usiku wa jangwani ni wa ngamia. Wanapenda lami kwa sababu ya joto lake, rangi yao ni ya mchanga, na taa za gari zinamulika miguu tu. Ukimgonga, miguu inakatika na mwili wote unakuja kwenye kioo, usawa wa uso wako. Mtu aliyefunga mchana kutwa, akala, akasali tarawehe, kisha akashika usukani saa 4 usiku, atasinzia kabla hajafika Haima. Anayesinzia hamwoni ngamia.

Baba Nasra, igawe safari. Haima iko kama kilomita 540 kutoka Maskati, imepita nusu kidogo. Ijumaa ondoka nyumbani saa 3 asubuhi, baada ya kulala tena kidogo tangu daku. Mji wa Adam uko kama kilomita 220, utafika kabla ya saa 6. Sali Ijumaa hapo, jilaze nusu saa kwenye kivuli cha msikiti. Saa 8 unatoka Adam. Zimebaki kilomita 320 za barabara pana, iliyonyooka mpaka inachosha. Saa 11 na kitu jioni uko Haima, una muda wa kuchukua chumba na kujaza tangi kabla ya magharibi. Ukifuturu, funguo za gari mpe mkeo azifiche.

Kutoka: Abu Salim, Sohar

Mbona mnazunguka? Msafiri hana funga. Ale, anywe, aendeshe, atalipa baadaye. Dini ni nyepesi.

Kutoka: Maalim wa Ruwi

Abu Salim, umesema nusu. Ruhusa ipo, imo kwenye Qurani, lakini wengi wetu hapa tumekulia Shafii. Kwa Shafii, aliyepambazukiwa akiwa mjini kwake naye amefunga, kisha akaondoka saa 3, siku hiyo haifungui kwa sababu ya safari pekee. Kama anataka ruhusa ya Ijumaa, awe ameshatoka mjini kabla ya alfajiri. Mahanbali wanaruhusu, na Maibadhi wana masharti yao, kila mtu amuulize mwanachuoni wake.

Sasa tazama ratiba ya Dereva kwa jicho hilo. Ijumaa watafunga. Jumamosi watapambazukiwa Haima, tayari ni wasafiri, na hiyo ndiyo siku wanayoweza kuacha funga bila mzozo. Bahati nzuri ndiyo siku yenye kipande kigumu zaidi.

Ila kula kwenyewe kuwe chumbani. Sheria ya adhabu ya hapa inakataza kula na kunywa hadharani mchana wa Ramadhani, na askari wa njiani hataanza kukuuliza umetoka wapi na unakwenda wapi. Mtoto hana lawama, lakini baba mtu aliyeshika chupa ya maji mbele ya sheli anatafuta maneno.

Kutoka: Abu Salim, Sohar

Sikusema ale barabarani. Soma vizuri.

Kutoka: Maalim wa Ruwi

Nimesoma. "Ale, anywe, aendeshe." Kwa mpangilio huo huo.

Kutoka: Bi Asha muuguzi, Nizwa

Naomba tumkumbuke mama. Baba Nasra, hujasema anatumia vidonge au sindano, na hapo ndipo penye tofauti kubwa. Mpeleke kwa daktari wake wiki hii, kwa sababu dozi za Ramadhani hupangwa upya na siyo jambo la kukisia kwenye kundi. Mashine ya kupima awe nayo mkononi, isiwe kwenye buti. Kumtoboa kidole hakufunguzi. Ikisoma chini ya 70 mg/dL, anafungua hapo hapo, hata kama magharibi imebaki dakika kumi. Kwenye gari wazee hutulia, mkadhani amelala kumbe sukari imeshuka. Ukiona jasho la baridi, mkono unatetemeka, au anajibu mambo yasiyoeleweka, simamisha gari umpime. Sindano kama zipo zikae kwenye kijifuko cha baridi, siyo juu ya dashibodi.

Kwa maoni yangu asifunge hata siku moja kati ya hizo mbili, lakini najua mama zetu.

Kutoka: Baba Nasra, Maskati

Shukrani sana. Ni vidonge, na mama amesema atafunga "hata mkinifunga kamba". Nitampeleka. Ila bado sijapata jibu la kusogeza miadi. Na pale Haima, futari kwa saa ya wapi? Kwa simu yangu magharibi ni saa 12:11 jioni.

Kutoka: Dereva wa Nizwa

12:11 ni ya Maskati. Unakwenda kusini magharibi, kwa hiyo jua linachelewa kukuacha. Tarehe hizo Haima ni kama 12:21 na Salala kama 12:31. Dakika ishirini mwisho hadi mwisho. Programu za simu huhesabu kwa mahali simu inapodhani ipo, na jangwani mtandao ukikatika inabaki na Maskati yako. Redio nayo ikiadhini ya Maskati utalisikia "Allahu Akbar" na jua bado unaliona. Niliwahi kupakia kijana akataka kutia tende mdomoni namna hiyo, nikamwonyesha kioo cha mbele.

Kwenye daku faida ni yako. Alfajiri ya Maskati ni kama 11:10, Haima kama 11:18. Lakini usile mpaka dakika ya mwisho, jangwani adhana husikii kila mahali.

Jumamosi baada ya alfajiri usikimbilie barabara. Kiza cha asubuhi nacho kina ngamia, na jua Haima linachomoza kama saa 12:30. Rudi ulale kidogo, utoke saa 1. Kuanzia hapo hadi Thumrait ni karibu kilomita 400. Kuna vipande vya njia moja ya kwenda na kurudi, na malori yanapishana. Ghaftain na Qitbit utapata sheli na choo, lakini toka Haima na tangi limejaa. Thumrait utakuwa karibu saa 6 mchana, kisha kilomita 80 za mwisho unateremka mlima. Weka gia ndogo, usikanyage breki mfululizo mpaka zinuke. Ukifika Salala mchana, unalala, na jioni unafuturu kama mtu.

Sababu nyingine ya kutoka asubuhi ni jua lenyewe. Ukiwa kipande hicho saa 11 jioni, jua liko mbele yako kwenye kioo, na lori linalokuja huoni ila kivuli. Tia hapo njaa na wanaokimbilia futari.

Kutoka: Mama Rukia, Glasgow

Kwa hiyo hakuna hata kuendesha kidogo baada ya futari? Sisi tulikula tende tatu na maji tukaendelea vizuri tu.

Kutoka: Dereva wa Nizwa

Tende tatu sawa. Lakini msikiti wa njiani watakuwekea sinia la wali na nyama, na mwenyeji hakubali uonje. Ukilishiba hilo, nusu saa baadaye shingo inalegea. Na Uingereza hakuna ngamia, dada.

Kutoka: Kijana wa Mwembetanga, Barka

Mmenitia hamu ya nyumbani. Huku kila siku shorba na sambusa. Mimi nataka muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, tambi za sukari, kaimati, na watoto wa mtaani wanaogonga madebe ya daku. Salala lakini kuna migomba na minazi, na madafu yamepangwa kando ya barabara. Unaweza kujidanganya uko shamba.

Halafu mwezi. Mwaka huu nyumbani kaka zangu wawili, nyumba moja, wameanza siku tofauti.

Kutoka: Abu Salim, Sohar

Ungeonekana mahali pamoja ukatosha wote, tungepumzika.

Kutoka: Maalim wa Ruwi

Mahali gani pamoja? Tumeonyeshana hapa kwamba ndani ya nchi moja magharibi inapishana dakika ishirini, wewe unataka dunia nzima mwezi mmoja.

Kutoka: Abu Salim, Sohar

Saa na mwezi ni mambo mawili tofauti, Maalim. Dakika ishirini siyo siku nzima.

Kutoka: Mama Rukia, Glasgow

Huku msikiti mmoja una mawazo matatu. Mwaka jana sisi tulisali Idi, majirani wa chini bado wamefunga.

Kutoka: Bi Asha muuguzi, Nizwa

Jamani, Idi bado. Baba Nasra, ukipita Nizwa Ijumaa nipigie, nina mashine ya kupima ya ziada na vipande vyake havijaisha muda. Na ukiwa Salala, niletee ubani wa hojari robo kilo, ule mweupe unaoelekea kijani. Usichukue wa vumbi wanaowauzia wageni.

Kutoka: Kijana wa Mwembetanga, Barka

Mnasema mko wanne. Gari ya watu watano?