Tupeane uzoefu: taa ya breki ikiungua, unaijuaje ukiwa peke yako?

Dereva wa Isevya
Wakuu, juzi jioni natoka Urambo kurudi Tabora mjini, trafiki akanisimamisha. "Taa ya breki ya kushoto haiwaki." Nilibisha, kwa sababu kabla ya kuondoka niliwasha taa, nikazunguka gari, nyuma kote kulikuwa kwekundu. Akaniambia nikanyage breki, akarekodi kwa simu yangu, akanionyesha. Kulia mwanga uliongezeka, kushoto ulibaki vilevile. Dashibodi haikunionyesha kitu njia nzima. Wenzangu mnaosafiri peke yenu mnakaguaje?

Fundi umeme, Gungu
Pole ndugu. Globu yako ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja. Mwembamba ni wa wati 5, huo ndio wa taa za usiku. Mnene ni wa wati 21, wa breki. Umekatika ule mnene. Ndiyo maana ukizunguka gari taa zikiwa zimewashwa unaona wekundu na kuridhika. Usiangalie kama inawaka, angalia kama mwanga *unaongezeka* unapokanyaga. Ichomoe uitazame juani: uzi uliokatika utauona umeachana katikati, au kioo kimepiga weusi.

Mwalimu wa Mwanga
Mimi natumia ukuta. Giza likianza kuingia narudisha gari nyuma hadi hatua mbili tatu kutoka ukuta mweupe wa duka la jirani, nakanyaga breki huku natazama vioo vya pembeni. Yanatakiwa yatokee madoa mawili mekundu yanayolingana, na la tatu la ile taa ya katikati naliona kwenye kioo cha ndani. Kisha nageuza gari. Mwezi uliopita nilipoweka dimu nikaona doa moja tu ukutani, nilipoweka fulu yakawa mawili. Kumbe globu za mbele nazo zina nyuzi mbili, na wa dimu ndio hutumika zaidi.

Kijana wa Kaliua
Mnajisumbua. Gari likiwa na onyo la globu, dashibodi ikinyamaza basi taa zote nzima.

Fundi umeme, Gungu
Hapana, mdogo wangu. Magari mengi tunayoendesha huku hayana onyo la taa za breki. Yana dalili moja tu: indiketa kwenda mbio globu yake ikiungua. Hata yenye onyo hayaoni mwanga, yanapima umeme unaopita kwenye waya. Ukifunga LED inayokula wati 3 mahali pa wati 21, itawaka vizuri na onyo litawaka pia. Tena baadhi hupima breki pale unapokanyaga tu, kwa hiyo ukiwasha gari asubuhi dashibodi inaweza kuwa safi kabisa.

Mama Sikonge
Ya kwangu inaonyesha duara jekundu lenye alama ya mshangao. Nimebadilisha globu zote za nyuma, bado ipo.

Fundi umeme, Gungu
Mama, shikamoo. Hiyo si ya globu. Ni handibreki haijashuka vizuri, au mafuta ya breki yamepungua. Tafadhali usisafiri kabla hujafungua boneti na kutazama kikopo chake. Onyo la taa huwa na mchoro wa globu.

Dereva wa Isevya
Nimerudi. Uani hapana ukuta, ni michongoma, nikatumia ufito. Nilivuta handibreki, nikazima injini, nikaegemeza ncha moja kwenye pedeli na nyingine kwenye ukingo wa kiti, kisha nikasogeza kiti mbele taratibu mpaka taa zikawaka. Nikaenda nyuma kwa miguu yangu. Nimefunga globu mpya, lakini sasa jambo jingine: nikiwasha indiketa ya kushoto huku breki imekandamizwa, taa ya breki upande huo inacheza pamoja na indiketa.

Fundi umeme, Gungu
Ufito ni mzuri, ila usiuache muda mrefu, wati 21 ina joto kali kwenye plastiki. Hiyo ya kucheza ni erthi. Umeme unakosa njia ya kurudi kwenye bodi, unajipenyeza kwenye taa ya jirani. Toa soketi, tafuta ukijani, usugue kwa msasa laini, kisha kaza nati ya waya mweusi ndani ya buti. Usinunue globu nyingine kabla ya hapo.

Dereva wa Isevya
Ukijani upo kweli. Nimesugua, imetulia.

Mwalimu wa Mwanga
Kuna rafiki yangu ana gari la Ulaya. Onyo la globu huwaka akipita kwenye matuta, likazima akifika kwenye lami nzuri. Ukutani taa zote zinaonekana.

Fundi umeme, Gungu
Soketi imelegea, au uzi wa globu unagusana na kuachana. Akanyage breki huku mtu anagonga taa kwa kiganja. Akiwa peke yake aweke simu nyuma irekodi, yeye atikise gari mguu ukiwa kwenye pedeli. Ikikataa kuonekana hapo, mwambie alilete nilione.