Tupeane uzoefu: logi iliyokuumbua wakati hesabu yote iko sawa

Mama Shamimu, Arua
Mwanangu wa S5 amenuna mezani, daftari limejaa wino mwekundu. Nikacheka, maana nami nilipita hapo. Wengine je?

Binti wa Bombo
Usinikumbushe! Moku ya S6. Swali: log₂x + log₂(x − 2) = 3. Nikaunganisha: x(x − 2) = 8, yaani x² − 2x − 8 = 0. Nikapata 4 na −2. Na nilihakiki, jamani! Nikarudisha −2 kwenye x(x − 2): (−2)(−4) = 8, na log₂8 ni 3. Nikatoka chumbani kifua mbele. Karatasi ikarudi, −2 imekatwa. Nikamfuata mwalimu kugombana. Akauliza, "Umehakiki wapi?" Nikamwonyesha. Akasema, "Huo ni mlinganyo wako wewe. Rudi kwenye wa swali." Pale juu nikaona log₂(−2). Hakuna kipeo cha 2 kinachozaa hasi. Hasi mbili zilikuwa zimezidishana, zikajificha ndani ya 8.

Boda wa Busia
Yalinikuta hayo hayo, alama mbili zikaenda.

Fundi Jinja
Dawa ndogo tu: ukiona hasi, tupa.

Mwalimu Mstaafu
Fundi, utawapoteza watoto. Fanya hii: log₂(2 − x) + log₂(−x) = 3. Ukizidisha unapata x² − 2x − 8 = 0 ileile, 4 na −2 zilezile. Sasa weka −2: log₂4 + log₂2 = 2 + 1 = 3. Inakubali! Weka 4: log₂(−2), inakataa. Usiitazame x yenyewe, tazama kilicho ndani ya kila logi, kiwe zaidi ya sifuri. Kwa swali la Binti mimi huandika x > 2 pembeni kabla sijagusa kitu.

Fundi Jinja
Hilo umelitunga kunikomoa, mzee wangu.

Binti wa Bombo
Mwalimu, samahani, mimi siandiki kitu pembeni. Naweka majibu mwishoni, basi.

Mwalimu Mstaafu
Kwenye swali la juu utapona.

Kaka Mbale
Mimi nilijumlisha vya ndani: 2x − 2 = 8, x = 5. Hakuna hasi, mbona nilipewa sifuri?

Boda wa Busia
😂 Kaka, logi zikijumlishwa vya ndani vinazidishwa. Lako ni kosa jingine kabisa.

Dada Gulu
Na lile la kupoteza jibu? log₂x² = 4, nikashusha 2 mbele, nikapata 4 peke yake. −4 ikapotea, na kuhakiki mwishoni hakukunisaidia.

Binti wa Bombo
Ehee. Hapo sina la kusema.

Mama Shamimu, Arua
Nimelitazama daftari. Swali ni kama la Binti, lakini kijana ametupa 4 akabakiza −2. Ameshalala.

Boda wa Busia
Mwache alale, mama.

Mwalimu Mstaafu
Mwamshe.